Notisi ya kumtoa mpangaji wa duka Kenya: jinsi ya kuiandika isitupwe

Wenye majengo wengi huja kwangu na barua ya "hama baada ya siku 30" ambayo tayari wamempa mpangaji. Kwa duka la kodi ya kila mwezi, barua hiyo haina nguvu. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa (Sura ya 301) inadai miezi miwili, fomu maalumu na sababu inayotambuliwa. Kimoja kikikosekana, mpangaji hubaki na wewe huanza upya.

1. Hakikisha mpangaji wako analindwa na sheria hii. Analindwa ikiwa hamna mkataba wa maandishi, au ikiwa upo lakini ni wa muda usiozidi miaka mitano. Hata mkataba mrefu zaidi huingia humu ukiwa na kifungu cha kuuvunja kabla ya miaka mitano kwa sababu nyingine isiyo kosa la kuukiuka. Duka hapa ni pamoja na mahali pa kutoa huduma kwa malipo, kwa hiyo kinyozi na fundi cherehani wamo. Nyumba ya kuishi ina sheria zake, usiitumie fomu hii.

2. Chagua sababu kabla ya kushika kalamu. Kifungu cha 7 kinaorodhesha sababu zinazokubalika. Zinazotumika sana ni tatu: mpangaji amekaa miezi miwili bila kulipa kodi iliyokwisha kufika siku yake, au amezoea kuchelewesha, unataka kubomoa au kujenga upya na huwezi kufanya hivyo akiwa ndani, au unataka kulitumia jengo mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kupata mtu wa kulipa kodi kubwa zaidi si sababu. Chagua ile unayoweza kuithibitisha, maana ndiyo utakayoulizwa.

3. Jaza Fomu A. Barua ya kawaida, hata ikiwa na muhuri wa wakili, haichukui nafasi yake. Weka majina ya pande zote mbili, maelezo ya duka lenyewe, tarehe ya upangaji kukoma na sababu. Fomu pia inamtaka mpangaji akujibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu aipokee, kama anakubali au anakataa. Usiifute sentensi hiyo kwa kudhani ni mapambo. Bila hiyo notisi haifai kitu.

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Thika, kodi ni shilingi 18,000 kila tarehe 1, na mpangaji hajalipa tangu Desemba 2024. Leo ni 12 Machi 2025. Usiandike "mpangaji ni msumbufu". Andika hivi, ukitafsiri kwa lugha ya fomu:

"Mpangaji hajalipa kodi ya Desemba 2024, Januari, Februari na Machi 2025, jumla shilingi 72,000, ingawa kila kodi ilifika siku yake tarehe 1 ya mwezi."

4. Hesabu tarehe. Hapa ndipo notisi nyingi huanguka. Miezi miwili huhesabiwa tangu mpangaji *apokee* notisi, wala si tangu uiandike. Akiipokea 12 Machi, miezi miwili inatimia 12 Mei. Lakini upangaji wa mwezi hukoma mwezi unapokwisha, kwa hiyo tarehe yako ni 1 Juni 2025. Ukiandika 12 Mei, umempa mlango wa kuipinga. Na kama mkataba wenu unataja notisi ndefu kuliko miezi miwili, fuata mkataba.

5. Mfikishie. Mpe mkononi, au mpe mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi wake wa pale dukani. Unaweza pia kuituma kwa posta ya rejista kwenye anwani yake ya mwisho unayoijua. Hapo siku inayohesabiwa ni ile ambayo barua ilichukuliwa posta na kutiwa sahihi. Mimi hupendelea mkononi: nakala mbili, moja abaki nayo, nyingine aitie sahihi na tarehe. Akikataa kutia sahihi, nenda na shahidi atakayeweza kuapa kuhusu siku na mahali.

6. Subiri. Kabla ya 1 Juni, mpangaji anaweza kupeleka pingamizi kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, linalojulikana kama BPRT. Akifanya hivyo, notisi inasimama mpaka Baraza liamue. Akinyamaza, notisi inaanza kufanya kazi tarehe hiyo, ingawa Baraza linaweza kumruhusu apeleke pingamizi akiwa amechelewa, kama ana sababu ya kutosha.

Tarehe ikifika naye bado yumo, usifunge kufuli, usikate umeme wala kutoa mabati. Peleka BPRT Fomu A pamoja na ushahidi kwamba aliipokea, uombe amri ya kurudishiwa jengo lako.