Kabla foklifti haijapanda rampu na mzigo

Katika magodauni mengi ya Vingunguti na Kurasini, Dar es Salaam, sakafu ya kupakilia imejengwa juu kiasi cha mita 1.2 ili ilingane na kitanda cha lori, na foklifti huifikia kwa rampu ya zege. Rampu hiyo ikiwa na urefu wa mita 12, mwinuko wake ni asilimia 10, kiasi ambacho mtu anayepita kwa miguu hakihisi sana, lakini mashine yenye tani mbili mbele yake hukihisi. Maelezo haya yanahusu yale ya kukagua na kupima kabla matairi ya mbele hayajagusa rampu, kwa sababu foklifti ikishaanza kulala hakuna hesabu inayosaidia.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba foklifti, ingawa ina matairi manne, husimama kama kigoda cha miguu mitatu. Ekseli ya mbele imefungwa imara kwenye bodi, hivyo matairi yake mawili ni miguu miwili. Ekseli ya nyuma, ambayo ndiyo ya usukani, imeshikwa kwa pini moja katikati na inachezea juu na chini kufuata mashimo ya njia, kwa hiyo mguu wa tatu ni pini hiyo wala si matairi ya nyuma. Ukiunganisha nukta hizo tatu kwa mistari unapata pembetatu ya uthabiti, pana mbele na nyembamba nyuma. Kitovu cha uzito wa mashine na mzigo wake kwa pamoja kikibaki juu ya pembetatu hiyo, mashine husimama; kikitoka mbele, inabinuka kwa pua, na kikitoka ubavuni, inalala.

Jambo la pili ni kusoma kibao cha uwezo kilichobandikwa karibu na dereva, na kukisoma chote. Kibao kikiandika kilo 2,500 kwa milimita 500, maana yake ni kwamba uzito huo unaruhusiwa endapo kitovu cha mzigo kiko sentimita 50 kutoka kwenye uso wa wima wa mikono ya chuma inayobeba mzigo, pale mzigo unapoegemea. Nimewasikia madereva wazoefu wakisema "hii ni mbili na nusu" kana kwamba namba hiyo inasimama peke yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo ajali nyingi huanzia.

Tuchukue kasha la mashine lenye kilo 2,000, urefu wa mita 1.6 na upana wa mita 1, ambalo uzito wake umegawanyika sawasawa. Dereva akilichukua kwa upande mfupi, kitovu chake kinakuwa sentimita 80 kutoka uso wa mikono, si 50. Tuseme umbali kutoka ekseli ya mbele hadi uso wa mikono ni sentimita 48. Uwezo uliobaki hupatikana kwa kuzidisha 2,500 kwa 98, yaani 48 na 50, kisha kugawa kwa 128, yaani 48 na 80. Jibu ni kama kilo 1,914. Kasha la kilo 2,000 limeshapita uwezo wa mashine ya "mbili na nusu" likiwa bado kwenye sakafu tambarare. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, na pale kibao kinapotoa uwezo mdogo zaidi, hasa mlingoti, ile nguzo ya mbele inayopandisha mikono, ukiwa umeinuliwa juu, kibao ndicho cha kufuatwa.

Sasa tulipeleke kasha hilo kwenye rampu. Kwa foklifti ya kilo 3,700, ambayo kitovu chake ikiwa tupu kiko sentimita 96 nyuma ya ekseli ya mbele, kitovu cha pamoja kinakuwa kama sentimita 17 tu nyuma ya ekseli hiyo. Hizo 17 ndizo akiba yote ya kutobinuka mbele. Mteremko wa asilimia 10 unakisogeza kitovu kuelekea bondeni kwa sehemu moja ya kumi ya kimo chake. Mzigo ukiwa chini, mikono ikiwa sentimita 15 juu ya ardhi, kitovu cha pamoja kiko kama sentimita 65 juu, hivyo kinasogea sentimita 6 au 7 na akiba inabaki kama 11. Dereva akiteremka akitazama mbele huku katikati ya kasha ikiwa mita 3 juu, kitovu cha pamoja kinapanda hadi mita 1.44 na kusogea sentimita 14. Zinabaki 3, na mguu ukigusa breki hata hizo zinakwisha. Mlingoti hautakuwa umevunjika wala tairi halitakuwa limepasuka. Ni kimo peke yake kilichofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, mzigo ushushwe hadi sentimita 15 hivi, mlingoti ulazwe nyuma kidogo, na mzigo uelekee upande wa juu wa rampu: kupanda ni kwa kutangulia mbele, kuteremka ni kwa kurudi kinyumenyume. Kasha likiziba macho wakati wa kupanda, awepo mtu wa kuongoza, naye asimame pembeni na mbali na rampu, kamwe si nyuma ya mashine.

Hata hivyo tiba bora ya kasha letu iko kabla ya hapo. Likiwa na nafasi za kuingiza mikono kwenye upande mrefu, lichukuliwe kwa upande huo. Kitovu chake kinarudi sentimita 50, mzigo unaingia ndani ya uwezo wa kibao, na akiba kwenye tambarare inaruka kutoka sentimita 17 hadi karibu 28. Upana wa mita 1.6 bado unapita kwenye mlango wa kontena, ambao ni kama mita 2.3. Kama mashine iliyo ndani ni nzito upande mmoja, upande huo ndio ukae karibu na mlingoti.

Kipimo kingine hakihitaji karatasi. Mzigo uinuliwe sentimita chache tu na dereva azungushe usukani akiwa bado tambarare. Siku moja kijana mmoja aliniambia, "Mzee, usukani umekuwa mwepesi," huku akicheka. Tulipotazama, tairi la nyuma lilikuwa likigusa sakafu kwa shida. Wapo wanaowaita vibarua wawili wapande nyuma kuongeza uzito. Hilo ni kuweka watu mahali watakapoangukia.

Foklifti tupu nayo isidharauliwe. Kitovu chake kimerudi nyuma, mahali pembetatu ni nyembamba, na ikiwa matairi ya mbele yameachana mita 1, kutoka kitovu hadi ukingo wa ubavuni zinabaki kama sentimita 20, ilhali ikiwa na mzigo zilikuwa zaidi ya 40. Ndiyo sababu nyingi hulala ubavu zikirudi bila kitu, dereva akikata kona juu ya rampu kwa haraka na mikono ikiwa imeachwa juu. Ikiwa tupu, mikono ielekee bondeni, na kona zote zikatwe kwenye tambarare, juu au chini ya rampu.

Mwisho, mkanda ufungwe kabla ya ufunguo kuzungushwa. Mashine ikianza kulala, dereva hubaki kitini, hushika usukani kwa nguvu, hukanyagia miguu sakafuni na kuegemea upande ulio kinyume na inakoangukia. Anayeruka huangukia upande uleule, na paa la chuma humfuata.