Nukta iliyojitenga kwenye grafu: mambo ya kuzingatia kabla ya kuiwasilisha kikaoni

Tuchukue mfano wa zahanati moja ambayo idadi ya wagonjwa wake waliothibitika kuwa na malaria itaonyeshwa kwa grafu katika kikao cha wilaya. Kuanzia Januari hadi Desemba, namba zilizomo kwenye mfumo ni 62, 48, 55, 83, 97, 91, 70, 52, 45, 41, 580 na 66. Mtu yeyote anayezijua zahanati za maeneo yenye masika ataona jambo la kawaida hapa: wagonjwa wanaongezeka mvua zinapokolea, wanafikia kilele Mei na Juni, kisha wanapungua hadi Oktoba. Novemba pekee ndiyo inayoshangaza. Mstari unapaa ghafla hadi 580, na kwa kuwa mhimili wa wima umelazimika kurefuka ili kuifikia namba hiyo, miezi mingine yote imelala chini kana kwamba haina tofauti yoyote kati yake. Kupanda kwa Mei, ambako ndiko kikao kilitakiwa kukujadili, hakuonekani tena.

Hapo ndipo mwandaaji anaposhawishika kuifuta Novemba ili grafu isomeke. Namsihi asifanye hivyo, na pia asiiache hivyo hivyo kwa hoja kwamba ndivyo mfumo unavyosema. Uamuzi wa kuonyesha, kuwekea maelezo au kuondoa hautokani na sura ya grafu. Unatokana na chanzo cha namba, na chanzo hicho hakipatikani kwenye kompyuta ya mwandaaji. Kinapatikana kwenye rejesta.

Jambo la kwanza la kuzingatia, basi, ni kuutenga muda wa kutafuta chanzo kabla ya kuanza kuchora. Kwa takwimu za afya za Tanzania njia inajulikana: namba iliyo kwenye DHIS2, yaani mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ilitoka kwenye fomu ya mwezi, na fomu ilijazwa kutoka vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za wagonjwa zilizoko kituoni. Makosa huingia katika kila hatua. Aliyejumlisha anaweza kuhesabu ukurasa mmoja mara mbili; aliyejaza fomu anaweza kuandika namba kwenye mstari wa juu au wa chini yake; aliyeingiza kwenye kompyuta anaweza kuongeza tarakimu moja. Kabla hata ya kupiga simu kituoni, linganisha namba hiyo na nyingine zinazopaswa kukubaliana nayo katika mwezi huohuo. Waliothibitika kwa kipimo hawawezi kuwa wengi kuliko waliopimwa. Katika mfano wetu, Novemba inaonyesha waliopimwa ni 212, nao waliokutwa na malaria ni 580. Hilo haliwezekani, na tayari tunajua kwamba angalau moja kati ya namba hizo mbili si sahihi, ingawa bado hatujui ni ipi. Mhudumu wa zahanati anafungua kitabu, anahesabu upya, anakuta 58. Sufuri moja iliongezeka wakati wa kuingiza.

Angalia kwamba matokeo ya uchunguzi huu si kuondoa, bali ni kusahihisha. Novemba haikufutwa, imepata namba yake halisi, na jumla ya mwaka imeshuka kutoka 1,290 hadi 768. Marekebisho hayo yafanyike kwenye mfumo wenyewe kwa kupitia mratibu anayehusika, si kwenye faili la Excel la mwandaaji peke yake. Wapo wengi wanaosahihisha kwenye faili lao tu, na mwezi unaofuata mtu mwingine anachota takwimu zilezile akiwa na Novemba ya 580, kikao kinaona grafu mbili zinazopingana, na hakuna tena anayejua ipi iaminiwe.

Jambo la pili linahusu namna ya kuzitambua nukta hizi, kwa sababu kipimo kinachotumiwa na wengi kina udhaifu ambao haujulikani sana. Kanuni iliyozoeleka husema kwamba namba iliyo mbali na wastani kwa zaidi ya michepuko wastani mitatu ni ya kutiliwa shaka. Mchepuko wastani ni kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Tatizo ni kwamba namba kubwa isiyo ya kawaida huuvuta wastani kuelekea kwake, na papo hapo huukuza mchepuko. Kwa namba zetu 12, wastani umekuwa 107.5 na mchepuko takriban 150, hivyo Novemba, ambayo ni mara kumi ya namba yake halisi, iko umbali wa michepuko 3.15 tu. Imenaswa kwa tundu la sindano. Kihesabu, katika kundi la namba 12 hakuna namba inayoweza kuvuka takriban 3.18 hata ikiwa milioni moja, na katika kundi la namba 10 haiwezi kufika 3 kabisa. Zikiwa nukta mbili zilizojitenga upande mmoja na zinazokaribiana ukubwa, hufichana: kila moja huukuza mchepuko kiasi kwamba mwenzake anaonekana wa kawaida.

Kwa mfululizo mfupi kama huu ni bora kutumia namba ya kati, yaani ile inayobaki katikati namba zote zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Hapa namba ni 12, hivyo ni wastani wa zile mbili za katikati, 62 na 66, yaani 64. Kisha tafuta umbali wa kila mwezi kutoka 64, na uchukue namba ya kati ya umbali huo, ambayo ni 17.5. Zidisha umbali wa mwezi unaoushuku kwa 0.6745, ugawe kwa 17.5, na ukipata zaidi ya 3.5 uichunguze. Novemba inapata karibu 20, wakati Mei, iliyo kilele halali cha msimu, inapata 1.3 tu. DHIS2 yenyewe ina njia hii katika sehemu yake ya kukagua ubora wa takwimu, kwa jina `Modified Z-score`. Hata hivyo kipimo hiki kinaonyesha pa kuchunguza tu, wala hakitoi hukumu ya kufuta. Ukaguzi ufanyike kwa kila kituo, kabla ya kujumlisha, maana ziada ya wagonjwa 522 inayoonekana wazi katika zahanati moja inaweza kumezwa kabisa katika jumla ya wilaya yenye vituo hamsini, ikabaki humo ikipotosha bila kumshtua yeyote.

Sasa tuseme kitabu kimefunguliwa na namba ni ya kweli. Hutokea: kituo cha jirani kilifungwa kwa ukarabati na wagonjwa wake wakaja hapa, au ulifanyika upimaji wa watu wengi kijijini kwa siku chache. Nukta ya namna hii ibaki, na maelezo yake yaandikwe kando yake. Nasisitiza kando yake, si chini ya ukurasa, kwa sababu grafu hupigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na maelezo ya chini ndiyo ya kwanza kukatwa. Sentensi moja inatosha: “Novemba: inajumuisha wagonjwa wa kituo jirani kilichokuwa kimefungwa.” Ikiwa nukta hiyo inaifunika miezi mingine, chora grafu mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ikionyesha mwaka mzima kwa kipimo kamili, ya chini ikikuza eneo la kati ya 0 na 120, na kichwa cha ile ya chini kiseme wazi kwamba Novemba imevuka mpaka wake. Ikiwa grafu ni ya nguzo, usiukate mhimili katikati ili nguzo ndefu itoshe, kwa kuwa msomaji hupima kwa urefu wa nguzo, na nguzo iliyokatwa inasema uongo hata ikiwa na alama ya mkato.

Kuondoa kunabaki na nafasi finyu. Kunafaa pale namba inapokuwa ya kweli lakini inajibu swali jingine. Kama kikao kinataka kujua wagonjwa waliofika kituoni wenyewe, waliopimwa kwenye kampeni si sehemu ya swali hilo, na wanaweza kutolewa mradi grafu iseme wametolewa wangapi na kwa nini. Mwezi mzima ukitolewa, mstari uachwe na pengo. Programu nyingi zinaweza kuunganisha Oktoba na Desemba kwa mstari ulionyooka, na mtazamaji atausoma mstari huo kama Novemba iliyopimwa.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo ngumu kuliko zote: rejesta haipatikani, ukurasa umelowa au aliyeandika amehama, na chanzo hakijulikani. Hapa nashauri nukta ionyeshwe kwa alama tofauti, kwa mfano duara tupu, ikiandikwa “haijathibitishwa”, na wastani utajwe mara mbili, ikiwemo na isipokuwemo. Katika mfano wetu ingekuwa 107.5 na 64.5. Mwenye kuagiza vipimo na dawa ataona mara moja kwamba agizo lake linategemea nukta moja isiyo na uhakika. Historia ya sayansi ina tukio linalounga mkono tahadhari hii. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kupungua kukubwa kwa ozoni juu ya kituo cha Halley, Antaktiki. Setilaiti ya NASA nayo ilikuwa imepima viwango hivyo vya chini, lakini mfumo wake wa kuchakata ulikuwa ukiviwekea alama ya kutiliwa shaka kila viliposhuka chini ya 180 kwa kipimo cha Dobson, ambacho hupima wingi wa ozoni. Kwa kuwa viliwekewa alama tu na havikufutwa, viliweza kuchunguzwa upya, na vikaonyesha ukubwa wa tundu lote la ozoni.

Mfano huo unanikumbusha upande ambao hukaguliwa kwa nadra, yaani nukta zilizo chini. Zahanati inayotoka wagonjwa 60 hadi 4 kwa mwezi mmoja haiharibu grafu. Huonekana kama mafanikio, na wapo watakaoipigia makofi. Kabla ya kuifurahia, tazama waliopimwa mwezi huo. Kama nao wameshuka kutoka 200 hadi 11, vipimo vya haraka viliisha, wala malaria haikupungua. Angalia pia kama sufuri iliyo kwenye grafu ni sufuri kweli: DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sufuri iliyoingizwa isipokuwa kipengele husika kimepangwa ihifadhiwe, na Excel nayo inaweza kuchora kisanduku kitupu kama sufuri. Mwezi ambao ripoti haikuletwa na mwezi ambao hakukuwa na mgonjwa hata mmoja vinahitaji alama mbili tofauti kwenye mstari: pengo kwa wa kwanza, nukta kwenye mhimili kwa wa pili.

Siku ya kikao, nenda na nakala ya ukurasa wa rejesta na karatasi yenye safu nne: mwezi, namba ya awali, namba iliyochorwa, na jina la aliyethibitisha pamoja na tarehe. Atakapouliza mganga mkuu wa wilaya kwa nini Novemba ni 58 ilhali ripoti aliyoisoma wiki iliyopita ilisema 580, mpe karatasi hiyo kabla ya kuendelea na grafu inayofuata.