Kabla hujatangaza nyumba yenye samani kwa mashirika Mwanza

Shirika haliikagui nyumba kama mpangaji wa kawaida. Kabla ya kuuliza bei, hutuma mtu wao wa usalama. Nyumba yangu ya Isamilo alipokuja wa kwanza, sebuleni hakukaa hata dakika mbili. Alizunguka nyuma, akasimama mbele ya jiwe letu kubwa lililoegemea ukuta, akapanda juu yake na kuchungulia uani kwangu bila taabu. Ukuta wa futi nane ulikuwa umegeuka kuwa wa futi tatu. Nikaongeza nondo na waya upande ule, gharama ambayo ningeijua mapema ningeiweka kwenye bei. Kwa hiyo zunguka ukuta wako kwa nje, hasa kama uko mlimani kwenye mawe. Hakikisha pia kuwa nondo za dirisha moja la chumba cha kulala zinafunguka kwa ndani, maana moto ukishika koridoni mtu lazima apate pa kutokea. Mlinzi naye anahitaji kibanda na choo chake.

Bei iandike kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai malipo ya dola kwa huduma za hapa nchini, hata kama mpangaji ni mgeni.

Kisha piga hesabu kuanzia kile unachotaka kibaki mkononi. Shirika litakata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Ukitaka 1,800,000 kwa mwezi, usitangaze 1,800,000, maana utapokea 1,620,000. Tangaza 2,000,000, wakikata 200,000 unabaki na hesabu yako. Dai cheti cha zuio kila wanapolipa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, yaani 240,000 kwa mfano huu. Kubalianeni mapema nani anaulipa. Na tangazo liseme wazi kama mlinzi, mtunza bustani na mafuta ya jenereta vimo ndani ya bei, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. LUKU mwachie mpangaji.

Muda wa mkataba huwa mwaka mmoja, lakini mradi ukikosa fedha wataalamu huondoka. Watataka kifungu cha kutoka mapema. Mimi hukubali, kwa sharti la notisi ya siku 90 na isitolewe kabla ya miezi sita kuisha. Malipo ya miezi mitatu mitatu ukiyakataa ukishikilia ya mwaka mzima, wengi watakwenda kwingine, kwani bajeti zao hazitoki kwa mkupuo.

Picha za tangazo zioneshe geti, tenki la maji na jenereta pamoja na vitanda. Kufuli na namba ya nyumba visionekane. Siku ya kukabidhi funguo, pitieni chumba kwa chumba na orodha ya samani, kila kasoro iandikwe, hata mkwaruzo wa meza, nyote wawili mtie sahihi.