Somo: Kugeuza notsi za mwaka wa tatu kuwa slaidi nane za kufundishia uchakavu

Mwanachuo wa mwaka wa tatu huandika notsi ili ajikumbushe mwenyewe. Hatua anazozijua anaziruka, na mambo aliyokutana nayo baadaye anayachomeka pembeni ya ukurasa. Ukizihamishia kwenye slaidi kama zilivyo, mwaka wa kwanza watanakili tu, na swali likigeuzwa kidogo kwenye testi wanakwama. Hapa tunachukua mada moja ya uhasibu, uchakavu wa mali za kudumu, na kuifikisha kwenye slaidi nane za kipindi cha dakika 40.

Hatua ya 1: Kata kabla ya kufungua kompyuta

Weka notsi upande mmoja na muhtasari wa kozi ya mwaka wa kwanza upande wa pili, kisha pita na kalamu nyekundu. Vinabaki vitu vinne: gharama ya mali, makadirio (miaka ya matumizi na thamani ya mabaki), mbinu mbili za kukokotoa, na jinsi ya kuingiza vitabuni. Kuthaminisha mali upya, mabadiliko ya makadirio na fomula ya kutafuta kiwango cha asilimia vinatoka, hata kama mwenye notsi amevipamba kwa rangi. Fomula usiitupe. Iweke kwenye slaidi ya ziada ya PowerPoint, baada ya zile nane, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua `Hide Slide`. Haitatokea ukifundisha, ila ipo wakiuliza.

Hatua ya 2: Mfano mmoja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Notsi nyingi zina gari kwenye ukurasa huu, jengo kwenye ule, na tarakimu mpya kila mahali. Kwa mgeni hiyo ni kazi mara mbili, maana kila mara anaanza kuielewa mali upya kabla ya kuielewa mbinu. Chagua mali moja wanayoifahamu. Sisi tutumie mashine ya kukoboa mpunga inayopelekwa Ubaruku, Mbarali:

- bei ya kununulia: 7,200,000
- usafiri kutoka Dar es Salaam: 500,000
- kufunga mashine: 300,000
- kumfundisha mwendeshaji: 200,000

Gharama ya mali ni 8,000,000. Usafiri na ufungaji vinaingia kwa sababu bila hivyo mashine haiwezi kufanya kazi pale inapotakiwa. Mafunzo ya mwendeshaji hayaingii, IAS 16 inayatoa waziwazi, kwa hiyo yanakuwa matumizi ya mwaka huo. Ile 200,000 iache kwenye slaidi makusudi. Atakayepata 8,200,000 utamwona mapema, kabla kosa halijaharibu hesabu zote zinazofuata.

Miaka ya matumizi ni 5 na thamani ya mabaki ni 500,000.

Hatua ya 3: Panga slaidi

Slaidi ya kwanza ni swali lenye mashine na tarakimu zake, bila fasili yoyote. Ya pili ni gharama ya mali. Ya tatu ni mstari mnyoofu:

```
(8,000,000 - 500,000) / 5 = 1,500,000 kwa mwaka
```

Ya nne na ya tano ni mbinu ya salio linalopungua, kwa kiwango cha 40%. Hapa ndipo pa kutulia. Jedwali lote likitokea kwa mpigo, macho yanakimbilia jibu la chini. Slaidi ya nne iwe na mwaka wa kwanza pekee: 8,000,000 × 40% = 3,200,000, inabaki 4,800,000. Wape dakika tatu watafute mwaka wa pili wenyewe, ndipo ufungue ya tano:

```
Mwaka   Uchakavu    Inayobaki
1       3,200,000   4,800,000
2       1,920,000   2,880,000
3       1,152,000   1,728,000
```

Miaka mitatu inatosha, mingine ni zoezi la nyumbani.

Ya sita ni slaidi ya kosa, na kwenye notsi za mkubwa huikuti kwa sababu yeye halifanyi tena. Andika `(8,000,000 - 500,000) × 40% = 3,000,000` kisha uliza kuna tatizo gani. Aliyetoka kwenye mstari mnyoofu anaendelea kutoa thamani ya mabaki kwa mazoea. Kwenye salio linalopungua haitolewi mwanzoni, maana kiwango cha asilimia ndicho kinachoishusha mali kuelekea mabaki. Dalili ya kosa hili ni mwaka wa kwanza kusoma 3,000,000.

Ya saba ni kuingiza vitabuni: debiti gharama ya uchakavu, krediti uchakavu limbikizi. Akaunti ya mashine yenyewe haiguswi, inabaki 8,000,000. Ya nane ni swali jipya lenye tarakimu tofauti, bila jibu.

Hatua ya 4: Sura na uchapaji

Maandishi yasipungue ukubwa wa 28, na ya jedwali 24. Usibandike picha ya daftari iliyopigwa kwa simu, kwani ukiikuza mwandiko unafifia na kosa ndani yake huwezi kulirekebisha. Usitegemee pia vitu vinavyojitokeza kimoja kimoja. Ukihifadhi faili kama PDF ili uitume kwenye kundi, vyote vinatokea pamoja na jibu linaonekana. Ndiyo maana mwaka wa kwanza na jedwali kamili vimepewa slaidi mbili tofauti.

Maswali ya wanachama

*Swali (Iringa):* Notsi nilizopewa zinatoza uchakavu wa mwaka mzima hata kama mali imenunuliwa Oktoba. Mhadhiri wetu anahesabu miezi. Niweke ipi?

*Jibu:* Mfuate mhadhiri, maana ndiye anayetunga mtihani. Mwaka ukiishia 31 Desemba na mashine ikawa tayari kwa kazi tarehe 1 Oktoba, ni 1,500,000 × 3/12 = 375,000. Angalia neno "tayari": ikifika Oktoba lakini ikafungwa mwisho wa Novemba, unahesabu Desemba tu, yaani 125,000. Mada hii iweke kipindi cha pili, slaidi nane haziibebi.

*Swali (Uyole, Mbeya):* Kijana mmoja alimalizia jedwali akapata 622,080 mwaka wa tano, akauliza mbona si 500,000. Nilishindwa kumjibu.

*Jibu:* Hesabu yake ni sahihi, mkuu. Asilimia 40 imekadiriwa ili iwe rahisi kukokotoa. Kiwango kinachofikia karibu kabisa na 500,000 ni 42.6%, na kinatoka kwenye ile fomula uliyoificha:

```
1 - (500,000 / 8,000,000)^(1/5)
```

Hapo ndipo pa kuifungua, kwa huyo aliyeuliza.

*Swali (Njombe):* Slaidi ziwe Kiswahili au Kiingereza?

*Jibu:* Istilahi ziache kama zilivyo kwenye karatasi ya mtihani, Kiingereza. Maelezo ya kwa nini yatoe kwa mdomo, kwa Kiswahili, na usiyaandike kwenye slaidi.

*Swali (Mbeya mjini):* Umeme ukikatika katikati ya kipindi, dada?

*Jibu:* Chapisha mapema. Nenda `File`, `Print`, chagua `Handouts`, `3 Slides`: kila slaidi inapata mistari ya kuandikia pembeni. Ila slaidi ya tano na ya sita zitoe kwenye nakala za wanafunzi, na jedwali utalichora ubaoni wakati wake ukifika.

*Swali (Iringa):* Mwenye notsi ni lazima aombwe ruhusa?

*Jibu:* Ndiyo, na mwonyeshe slaidi kabla hujafundisha. Mara nyingi anakumbuka mahali alipofupisha kupita kiasi. Kurasa alizonakili kutoka kwa mhadhiri zitengenezee mfano wako mwenyewe.