Somo: Kugeuza faksi ya TIFF yenye kurasa nyingi kuwa PDF moja iliyonyooka

Wiki hii pekee watu wanne wamenijia dukani hapa Ngamiani na flashi mkononi, swali ni lile lile: "Faksi yangu ni faili moja la .tif, nataka PDF, na kurasa zimevurugika." Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwonyesha hapa.

Mfano ni faili la wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini. Karatasi tatu zilizochapwa pande mbili, yaani kurasa 6. Aliyetuma alipitisha kwanza pande za mbele (1, 3, 5), kisha akaupindua mkupuo mzima na kupitisha za nyuma (6, 4, 2), nazo zikaingia kichwa chini. Ukurasa wa 5 ni jedwali pana, umelala ubavu.

1. Weka zana. Natumia Ubuntu.

```
sudo apt install libtiff-tools qpdf
```

2. Nakili faili. Usiguse la asili.

3. Lichunguze.

```
tiffinfo fax.tif
```

Kila ukurasa utajieleza. Tazama upana, urefu na mstari wa `Resolution`. Faksi ya ubora wa kawaida husoma 204, 98. Ya ubora mzuri 204, 196. Upana karibu kila mara ni pikseli 1728.

4. Geuza kuwa PDF kwanza, kabla ya kuzungusha chochote.

```
tiffcp -c g4 fax.tif fax4.tif
tiff2pdf -o fax.pdf fax4.tif
```

Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo someni taratibu. Pikseli ya faksi si mraba. Katika ubora wa kawaida kuna nukta 204 kwa inchi ukienda kulia, lakini 98 tu ukishuka chini, maana yake kila nukta ina urefu kama mara mbili ya upana wake. Mimi nilidhani nina akili: nikafungua TIFF kwenye programu ya picha, nikauzungusha ule ukurasa wa jedwali robo duara, nikahifadhi. Programu ikageuza nukta lakini ikaacha namba 204 na 98 pale pale zilipokuwa. Ukurasa wa pikseli 1728 kwa 1146 ukawa 1146 kwa 1728, na PDF ikautoa na upana wa inchi 5.6 na urefu wa inchi 17.6, mwembamba kama utepe wa khanga. Sikuangalia. Nikachapa, nikampa mteja, akarudishwa dirishani kwa sababu muhuri ulikuwa umevutika kama yai. Fedha yake nilimrudishia.

Basi: usizungushe ndani ya TIFF. Ukiwa ndani ya PDF, ukurasa umeshapata vipimo vyake halisi kwa inchi, na kuzungusha ni kuandika tu alama ya "onyesha hivi", nukta haziguswi. Kipimo changu siku hizi ni muhuri. Ukiwa duara, endelea. Ukiwa yai, simama.

Kama herufi zote zimekuwa fupi na nene, namba za `Resolution` hazimo kwenye faili au si sahihi. Zilazimishe:

```
tiff2pdf -u i -x 204 -y 98 -r o -o fax.pdf fax4.tif
```

Urefu ukiwa karibu pikseli 2290 badala ya 1146, hiyo ni A4 ya ubora mzuri. Weka 196 mahali pa 98.

5. Simamisha kurasa. Namba hapa ni za mpangilio wa faili kama lilivyo sasa, si namba za waraka. Jedwali ni la tatu kwenye faili. Zilizopinduka ni za 4 hadi 6.

```
qpdf fax.pdf wima.pdf --rotate=+90:3 --rotate=+180:4-6
```

+90 huzungusha kwa mwelekeo wa saa. Kama kichwa cha maandishi kimeelekea kushoto kwako, hiyo ndiyo yako. Kikielekea kulia, -90.

6. Panga. Chukua karatasi, andika kila ukurasa wa waraka uko wa ngapi kwenye faili. Wetu: wa 1 uko wa kwanza, wa 2 uko wa sita, wa 3 uko wa pili, na kuendelea.

```
qpdf wima.pdf --pages . 1,6,2,5,3,4 -- tayari.pdf
```

Zungusha kwanza, panga baadaye. Ukianza na kupanga, namba zote za hatua ya 5 zinahama.

7. Fungua, tazama kurasa zote. Zote.

---

Kijana wa Raskazoni: Kaka haifanyi kazi.

Mwandishi: Ipi? Imeandika nini kwenye skrini?

Kijana wa Raskazoni: Imeandika qpdf haipo.

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mama Rukia: Shikamoo mwalimu. Mimi nimepanga kwa ule mstari mdogo wa juu wenye tarehe na namba za ukurasa, lakini bado waraka hausomeki kwa mfuatano.

Mwandishi: Marahaba mama, swali zuri, na wengi wananaswa hapo. Mstari ule huwekwa na mashine inayotuma, na namba zake zinafuata karatasi ilivyopita kwenye mashine, si ilivyoandikwa. Kwenye mfano wangu ukurasa wa 2 wa waraka umepigwa namba ya 6. Panga kwa kusoma maandishi yenyewe. Ila mstari huo una faida nyingine: ukiwa umesimama sawa huku maandishi yako kichwa chini, karatasi iliingizwa kinyume. Vyote viwili vikiwa kichwa chini, mtumaji hana kosa. Faili liligeuzwa baada ya kupokelewa, au programu unayotazamia ndiyo inayoligeuza.

Mama Rukia: Kumbe! Kwa hiyo nikizungusha, ule mstari utabaki chini, umepinduka?

Mwandishi: Ndiyo, uache hivyo hivyo. Usiukate, una tarehe na saa ya kutumwa, na siku ya mabishano utautafuta.

Fundi wa Chumbageni: Mbona unapoteza muda na `tiffcp` hatua ya 4? Mimi naenda moja kwa moja na PDF inatoka.

Mwandishi: Inatoka, sijasema haitoki. Lakini faksi nyingi huhifadhiwa kwa mgandamizo wa G3, na `tiff2pdf` huufungua huo na kuandika nukta bila kuzigandamiza. Ukurasa wa 1728 kwa 1146 unafika kama kilobaiti 240. Zidisha kwa kurasa 40 uitume kwa bando lako. G4 huingia PDF kama ilivyo, na hakuna nukta inayopotea.

Fundi wa Chumbageni: Nimepima. Yangu ilikuwa mega 5, sasa haifiki moja. Haya, nimenyoosha mikono.

Kijana wa Raskazoni: Nimeweka. Sasa kurasa zangu zote zimesimama ila ya mwisho imekuja mwanzo, ya kwanza mwisho. Niandike namba 31 zote?

Mwandishi: Hapana. Mtumaji wako mashine yake ilianza kuvuta karatasi ya chini. Herufi z ni ukurasa wa mwisho:

```
qpdf wima.pdf --pages . z-1 -- tayari.pdf
```

Kijana wa Raskazoni: Imekubali! Naweza kuifuta ile .tif sasa?

Mwandishi: Hatua ya 2, mdogo wangu.