Kutu kwenye fremu za vizimba vya samaki: zinki kwanza, anodi baadaye

Kagua vizimba vya ngege upande wa Kisumu au Siaya na utaona fremu za chuma zinaanza kuoza palepale: kwenye viungo alivyochomelea fundi. Bomba lenyewe bado ni la kijivu safi, lakini kando ya kiungo kuna ukanda wa kahawia wa upana wa vidole viwili au vitatu, na ukiukwangua kwa kisu unatoka maganda. Mfugaji humlaumu aliyemuuzia mabomba. Mara nyingi bomba halina hatia.

Bomba hilo lilipakwa zinki kiwandani. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, na moto wa kuchomelea unapita hapo kwa mbali. Ule moshi mweupe unaomkohoza fundi (na ni sumu, asiuvute) ndio zinki yako inayoondoka. Kinachobaki ni chuma kitupu, nacho kinaingia ziwani.

Kutu ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya chuma kitupu, iitwayo anodi, hutoa elektroni na chuma chenyewe huyeyuka majini:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, kathodi, ambako oksijeni iliyo majini huzipokea:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Maji hukamilisha mzunguko kwa kubeba ayoni. Chuma hupungua kwenye anodi peke yake, ndiyo maana unaweza kukuta shimo jembamba lililotoboa bomba huku pembeni pakiwa pazima.

Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Vikigusana ndani ya maji, zinki inakuwa anodi na chuma chote kinageuka kathodi, kwa hiyo hakiyeyuki. Mkwaruzo mdogo kwenye bomba hauoti kutu kwa sababu zinki ya pembeni inaulinda. Lakini ulinzi huo hupita kwenye maji, na maji ya Ziwa Viktoria yana chumvi kidogo sana. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mara mia kadhaa kuliko hayo. Mkwaruzo wa milimita chache unalindwa. Katikati ya ukanda wa sentimita tano haulindwi.

Hapo ndipo watu hukimbilia kufunga kwenye fremu vipande vya anodi, yaani vya metali inayoyeyuka badala ya chuma. Vya zinki, vinavyotumika kwenye meli, vina msukumo wa kama volti 0.25 tu dhidi ya chuma, na kwenye maji baridi ya ziwa havifui dafu. Magnesiamu ina kama volti 0.7, kwa hiyo ndiyo ya kutumia. Hata hiyo ina mipaka yake. Chukua fremu ya chini, ile inayozamishwa kunyoosha wavu, mita 5 kwa 5, bomba la kipenyo cha milimita 48. Uso wake ni karibu mita 3 za mraba. Ikiwa ni chuma kitupu, itahitaji takriban miliampea 30 kwa kila mita ya mraba, yaani 90. Kipande cha magnesiamu cha kilo moja, kwenye maji haya, hutoa kama miliampea 5. Ungehitaji vipande 18! Lakini zinki ikiwa nzima, na zikabaki wazi sehemu ndogo za viungo tu, mahitaji yanashuka hadi miliampea chache, na kipande kimoja au viwili kwenye pembe zinazokabiliana vinasaidia kweli.

Kwa hiyo chomelea kwanza, ndipo fremu iliyokamilika au vipande vyake vipelekwe kuzamishwa kwenye zinki ya moto, ambayo huwa na joto la takriban nyuzi 450. Mwambie fundi atoboe matundu kila bomba lililofungwa pande zote, maana hewa au maji yaliyonaswa ndani yanaweza kulipuka. Ikiwa huwezi kupeleka, sugua kiungo kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha paka rangi yenye zinki nyingi, mara mbili, moja kwa moja kwenye chuma. Usidanganywe na rangi ya silva ya madukani; inafanana nayo lakini ni ya urembo, na zinki lazima iguse chuma ndipo ifanye kazi.

Anodi ifungwe kwa waya wa chuma au boliti kwenye chuma kilichosuguliwa, na isipakwe rangi kamwe. Kila unapobadilisha wavu, iangalie: ikiwa na mabonde na ungaunga mweupe, inafanya kazi. Ikiwa mpya kama siku ya kwanza baada ya miezi mingi, haijagusana na fremu. Pima ukinzani kwa multimita kati yake na bomba. Iwe karibu ohm 0. Sehemu za fremu zilizo juu ya maji haziguswi na anodi hata kidogo, hivyo kaguzi zake ni za zinki na rangi peke yake.