Somo: Prompti za jiko lenye kabati za kung'aa, na namna ya kuweka mwakisi mahali pake

Somo hili ni kwa wanaotengeneza renda za majiko kwa Stable Diffusion wakiwa na ControlNet. Nitatumia jiko moja dogo nililomchorea mteja: umbo la L, upana mita 2.4, dirisha moja ukuta wa kushoto, safu ndefu ya kabati ukuta wa kulia. Mteja alitaka milango ya kijivu kizito inayong'aa, kaunta ya graniti nyeusi, jiko la gesi na oveni ya kujengea ndani. Prompti yangu ya kwanza ilikuwa hii:

```
modern kitchen, glossy grey cabinets, black granite countertop,
stainless steel appliances, reflections, photorealistic
```

Picha ilipendeza, lakini mteja akasema tu, "Kuna kitu hakijakaa." Nilichukua muda kukiona. Dirisha lilikuwa linaonekana kwenye milango ya kabati za chini, na haliwezi kuonekana pale. Ukiandika *glossy* na *reflections*, programu haifuatilii mwanga unavyosafiri. Inapaka mistari myeupe mahali ilipozoea kuiona kwenye picha nyingine. Kazi ya kujua kitu gani kinaakisiwa wapi ni yako.

Hatua ya 1. Tafuta kinachoakisiwa kabla ya kuandika chochote

Chora jiko kwa mkato, kama unalitazama kutoka mwisho wa chumba. Jicho la kamera yangu lilikuwa mita 1.4 kutoka sakafuni. Kaunta iko sentimita 85. Mstari wa macho ukishuka kugonga mlango wa chini, ukidunda unaendelea kushuka, na unaishia sakafuni. Kwa hiyo kabati za chini zinaakisi vigae vya sakafu, si dirisha. Mstari unaopanda kwenda kabati za juu ukidunda unaendelea kupanda, unafika kwenye dirisha, na juu zaidi unafika kwenye dari. Katika jiko hili dirisha lilipaswa kuonekana kwenye nusu ya chini ya milango ya juu, basi.

Kama una Blender huhitaji hata kuchora. Weka visanduku vitupu vya kabati, shusha Roughness hadi 0.05, renda haraka kwa Cycles, na mwakisi sahihi unauona. Picha hiyo mbichi ndiyo ninayoingiza kwenye img2img, na ramani ya kina ya ControlNet naitoa humo humo ili kabati zisihame.

Hatua ya 2. Andika mwanga, kisha kabati, kisha jiwe

Prompti naiandika kwa Kiingereza kwa sababu programu hizi zimefunzwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza. Stable Diffusion husoma vipande vya tokeni 75 kwa mara moja, hivyo la muhimu litangulie.

```
small L-shaped kitchen, one window on the left wall, soft morning daylight,
high-gloss charcoal cabinets on the right, wall cabinet doors reflecting
the pale window, base cabinet doors reflecting cream floor tiles,
polished fine-grained black granite countertop, kettle mirrored in the stone
```

Sikuweka vipimo. Ukiandika unene wa jiwe kwa milimita, programu haipimi, unene unatoka kwenye mchoro wako. Pia sikutaja *marble* popote, maana neno hilo huleta mishipa myeupe hata ukiwa umeandika graniti. Na *fine-grained* lina kazi yake: bila hilo punje za graniti hutoka kubwa kama maharage, na kaunta nzima inaonekana kama kipande kidogo cha jiwe kilichokuzwa.

Hatua ya 3. Rekebisha kila uso peke yake

Rangi huvuja. Kijivu cha kabati kitaingia kwenye jiwe, na weusi wa jiwe utaingia kwenye oveni. Prompti ndefu haitibu hilo. Tumia inpaint: funika milango ya juu tu, andika habari za milango hiyo tu, weka Denoising strength karibu 0.4. Kisha milango ya chini. Kisha kaunta. Vifaa nakuja navyo mwisho.

Kwa oveni na friji naandika *brushed stainless steel, soft blurred reflections*. Chuma kilichosuguliwa hakitoi taswira kali kama kioo, mwakisi wake huvutika ukawa kama ukungu. Oveni yenye kuonyesha jiko zima kwa ukali inaonekana imebandikwa. Taja idadi ya mafiga, *four-burner gas hob*, halafu hesabu mwenyewe, kwa sababu mara nyingi utapata matano au vifundo vilivyoyeyuka. Nembo usiitaje hata kwa kuikataa. Ukiandika *no logo* kwenye prompti kuu, umeshaiita. Iweke kwenye Negative prompt.

Hatua ya 4. Kagua

Anza na birika juu ya graniti. Taswira yake lazima ianzie pale kitako kinapogusa jiwe na iende chini wima. Ikianza pembeni au ikiinama, futa. Kisha tazama kaunta chini ya kabati za juu: jiwe linaonyesha upande wa *chini* wa kabati, ule usiouona ukisimama. Kama kuna taa ya ukanda pale, utaiona ndani ya jiwe.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la safu ya milango. Uso wa kung'aa ukiutazama uso kwa uso hurudisha mwanga kidogo, takriban asilimia 4. Ukiutazama kwa ubavu hurudisha mwingi sana. Basi milango ya mbali, unayoiona kwa ubavu, iakisi kwa nguvu kuliko iliyo karibu nawe. Milango yote ikiwa na mng'ao sawa, jicho la mteja litajua hata kama hana maneno ya kulisema.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi kabati zangu ni nyeupe za kung'aa. Nimefuata yote lakini zinatoka kama plastiki ya kijivu.*

Ndugu, umelazimisha mwakisi mwingi mno. Uso mweupe hurudisha mwanga wake mwenyewe kwa wingi, kwa hiyo vitu vya kawaida humezwa. Kinachobaki kuonekana ni vyenye mwanga mkali, kama dirisha na taa. Ondoa habari ya vigae kwenye prompti, bakisha dirisha peke yake, ujaribu tena. Ni kwenye rangi nzito ndipo kila kitu hujitokeza.

*Nikifanya inpaint ya kaunta, sinki linahama.*

Denoising yako iko juu, au ControlNet imezimika ulipohamia inpaint. Hakikisha bado inasoma ramani ya kina, kisha shuka hadi 0.3. Sinki lenyewe liache nje ya kifuniko.

*Je, naweza kumpa fundi picha hii akachague jiwe?*

Hapana, dada. Punje na mishipa ya kwenye picha haipo kwenye jiwe lolote duniani. Mpeleke mteja akaone bamba lenyewe, alipige picha mchana bila flashi. Ukishapata picha hiyo, ipake kwenye kaunta ndani ya Blender, renda upya, halafu pitisha img2img kwa Denoising ya chini, 0.2 hivi, ili mishipa ya jiwe lake ibaki ilivyo.

*FLUX haina Negative prompt kwangu. Nembo niziondoeje?*

FLUX.1 dev kwa kawaida haiitumii. Andika *plain blank appliance fronts*, na herufi zitakazobaki uzifute kwa inpaint, moja moja.